Kredi za kaboni za babula: maswali mnayotuuliza kila mara kuhusu kilo za makala "zilizookolewa"

Nimepita jikoni kwa watu wengi hapa Goma na mizani mkononi, Katindo, Himbi, Majengo, Ndosho, nikipima makala kwa ajili ya miradi ya majiko bora. Kila nyumba maswali ni yale yale, na mengi ni mazuri kuliko yale ambayo wakubwa wa mradi wanauliza kwenye mikutano. Basi nimeyaweka hapa pamoja. Nimekaa zaidi kwenye jambo moja, ile kilo ya makala inayosemwa imeokolewa, juu hapo ndipo hesabu inapoharibikia.

Kredi moja ya kaboni ni nini?

Ni karatasi (siku hizi ni namba kwenye kompyuta) inayosema tani moja ya hewa ya kaboni haikuingia angani. Kampuni ya mbali inainunua ili iseme uchafu wake umefidiwa hapa kwetu. Kwa majiko, tani hiyo inatokana na kuni au makala ambayo hayakuchomwa. Shida ni kwamba kitu ambacho hakikuchomwa huwezi kukiweka kwenye mizani. Unaweza kupima makala yaliyotumika leo, lakini yale ambayo yangetumika kama babula mpya isingekuja, hayo unayakadiria tu.

Wanahesabu vipi?

Kwenye mafaili utakuta fomula inayofanana na hii:

```
ER = B × fNRB × NCV × EF × U
```

Usiogope, ni kuzidisha tu. `B` ni tani za kuni zilizookolewa kwa mwaka. `fNRB` ni sehemu ya kuni hizo ambayo msitu hauwezi kuirudisha kwa kuota tena. `NCV` ni nguvu iliyo ndani ya kuni na `EF` ni kaboni inayotoka kwa kila kipimo cha nguvu hiyo. Hizi mbili za mwisho ni namba za kawaida za IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, 0.0156 na 112, ukizidisha unapata kama tani 1.75 za kaboni kwa tani moja ya kuni, na hapo hakuna ugomvi mkubwa. `U` ni sehemu ya majiko ambayo bado yanatumika kweli.

Sisi wa mjini tunachoma makala na siyo kuni, kwa hiyo kabla ya yote wanageuza kilo za makala kuwa kilo za kuni zilizoingia kwenye tanuru. Zamani miradi mingi ilisema kilo 1 ya makala imekula kilo 6 za kuni, baadaye wakashusha wakasema 4. Mtu hajagusa babula yoyote, amebadilisha namba hiyo moja tu, na tayari theluthi nzima ya kredi imeondoka.

Tupe mfano wa nyumba moja.

Haya, namba hizi ni zangu za kufundishia, siyo za mradi fulani. Tuseme mama mmoja wa Katindo aliulizwa akajibu kwamba zamani alikuwa anamaliza kilo 3 za makala kwa siku, na kwa babula mpya anamaliza kilo 1.5. Imeokoka kilo 1.5 kwa siku, kwa mwaka ni kama kilo 547. Zidisha kwa 6, unapata tani 3.28 za kuni. Zidisha kwa 1.75, unapata tani 5.74 za kaboni. Mradi unasema asilimia 90 ya kuni hizo hazirudi msituni, na asilimia 95 ya majiko yanatumika. Mwisho unapata kredi 4.9 kwa mwaka kwa babula moja. Weka hiyo 4.9 kichwani, tutairudia chini.

Hizo kilo 3 za mwanzo zilitoka wapi?

Hapa ndipo naomba mtu asome polepole, maana ndiyo namba ninayoiogopa kuliko zote. Mara nyingi inatoka mdomoni. Mwenye ankete anauliza "mama, mfuko mmoja unakaa siku ngapi?" mama anafikiri kidogo anasema "wiki mbili, wiki tatu", na mwenye ankete anaandika. Halafu ofisini wanachukua uzito wa mfuko wanagawanya kwa siku.

Lakini mfuko wa Goma una kilo ngapi? Hauna jibu moja. Kuna mfuko uliojaa mpaka shingoni halafu umejengewa kichwa juu kwa majani na kamba, kuna uliofungwa ukiwa haujajaa. Makala ya miti migumu ya msituni ni mazito, ya eukaliptusi ni mepesi zaidi, na mfuko ulionyeshewa mvua kutoka Rutshuru au Masisi unabeba maji ambayo mizani inayahesabu kama makala. Chini ya mfuko kuna vumbi ambalo halichomwi. Nimewahi kupima mifuko ya muuzaji mmoja, siku moja, kibanda kimoja, na hakukuwa na miwili iliyolingana. Ofisini wao wanaandika uzito mmoja kwa mji mzima.

Na wengi hawanunui hata mfuko, wananunua kwa kopo au kwa ndoo kila asubuhi kadiri pesa inavyopatikana. Ukimuuliza mama wa namna hiyo ametumia kiasi gani mwaka jana, anakadiria kwa heshima ili akusaidie. Anajua pia umekuja na habari ya babula, kwa hiyo shida ya zamani inakuwa kubwa kidogo na faida ya sasa inakuwa nzuri kidogo. Hadanganyi, ndivyo mtu anavyompokea mgeni.

Kuna njia ya pili ya kupandisha mwanzo, nayo ni kuchagua jiko baya la kulinganisha. Ukisema watu wote walikuwa wanapikia mafiga matatu ya mawe, babula yako itaonekana ya ajabu. Lakini mjini kwetu wengi tayari wana babula ya bati, na wengine wana yenye udongo ndani waliyoipata kutoka mradi mwingine miaka iliyopita. Huyo wa mwisho ukimpa mpya, anaokoa kidogo sana.

Kwenye karatasi ya babula wameandika "inaokoa 50%". Ni kweli?

Ni kweli maabarani. Pale wanachemsha maji kwenye sufuria wanapima moto uliofika kwenye maji ni asilimia ngapi. Ikiwa babula ya zamani ina 20 na mpya ina 40, wanafanya hesabu hii:

```
1 - (20 / 40) = 0.5
```

wanasema nusu ya makala imeokolewa. Lakini hakuna anayekula maji ya moto. Sombe inatwangwa na kupikwa masaa, maharagi yanakaa motoni mpaka watoto wanasinzia, na bugali unaukoroga kwa nguvu na mwiko mkubwa, kwa hiyo ukipewa babula nyembamba ambayo sufuria inateleza juu yake utairudisha pembeni uchukue ile ya zamani iliyo imara. Maabarani pia fundi anawasha kwa makala makavu yaliyokatwa sawasawa, anafunga kidirisha cha hewa kwa wakati wake. Nyumbani mtoto ndiye anayewasha. Kile kipimo kinafaa kulinganisha babula na babula, hakifai kuhesabu mwaka wa familia.

Basi ipi ndiyo njia nzuri ya kupima?

Kupima jikoni kwa mtu, na mizani. Kwenye mafaili utaliona kwa herufi `KPT`. Siku ya kwanza unapima rundo lote la makala la nyumba, unamwomba mama asiongeze kitu ambacho hujakipima, unarudi kila baada ya masaa 24, unapima yaliyobaki, na unafanya hivyo siku zisizopungua 3. Kila siku unaandika nani amekula. Mwanaume mzima anahesabiwa 1, mwanamke mzima 0.8, mtoto 0.5, mzee wa kiume 0.8, ili nyumba ya watu tisa isilinganishwe na ya watu wanne kama vile ni kitu kimoja. Msiba ukitokea, au wageni wakija kutoka Bukavu na boti, siku hiyo unaiandika pembeni maana sufuria yake siyo ya kawaida.

Njia hii nayo ina mashimo yake. La kwanza, mtu akijua unampima anabadilika. Nimeona nyumba ambapo babula mpya ilitolewa chini ya kitanda asubuhi niliyofika, bado inang'aa, na kwa siku tatu ilipika kila kitu, mimi nikaandika matokeo mazuri sana. Nilimweleza msimamizi wangu, akasema namba ni namba. Iliniuma, na bado inaniuma, juu kilo zile zilizidishwa kwa maelfu ya nyumba.

La pili, nyumba zinatofautiana mno, kwa hiyo ukipima chache wastani unaweza kuanguka popote. Mradi wenye nidhamu, ukiona hivyo, unaongeza nyumba au unachukua kilo za chini za makadirio na siyo za katikati. La tatu, ukipima nyumba zilizochaguliwa na msambazaji mwenyewe, umepima wateja wake wazuri tu.

Mimi ninayo mpya lakini ya zamani bado naitumia. Ninahesabiwaje?

Dada, uko kama karibu kila mtu. Familia kubwa inahitaji mioto miwili, mmoja wa maharagi mwingine wa chai au sambaza. Babula mpya inaongezeka juu ya ile ya zamani, haiifukuzi. Na mara nyingine, kwa kuwa makala sasa yanaenda polepole, mama anapika maharagi mara mbili zaidi kwa wiki kuliko zamani, jambo zuri kwa watoto, ila siyo makala yaliyookolewa.

Sasa mradi ukiuliza "unatumia babula yetu?" jibu ni ndiyo, na ndiyo hiyo inaandikwa kama asilimia 100. Swali sahihi ni sahani ngapi kati ya kumi zimepikwa juu yake, na hata hilo kwa mdomo halitoshi. Wengine wanabandika kidude kidogo cha kupima joto kwenye jiko kinaandika chenyewe kila mara likiwaka, na mara nyingi kidude kinaonyesha matumizi ya chini kuliko ya mdomo.

Kwetu kuna jambo la ziada. Mwaka 2021 Nyiragongo ulitoka, Januari 2025 vita vilifika mjini, watu walikimbia, wengine wakavuka Gisenyi, wengine wakarudi vijijini, simu zikabadilika. Mradi una listi ya majina na namba. Anketeri anapiga simu, kumi hawapatikani, anaenda kwa wa kumi na moja anayepatikana. Mwishoni anaandika: kati ya waliojibu, asilimia 95 wanatumia. Na wale kumi? Babula yao labda ilibaki chini ya lava, au iliuzwa, au inapika Rutshuru, hatujui. Kitu cha haki ni kuwahesabu kama hawatumii mpaka wapatikane. Namba hii moja ukiuliza jinsi ilivyopatikana, utajua mengi kuhusu mradi.

Hiyo `fNRB` ni nini tena, mbona inapigiwa kelele sana?

Chukua mifuko miwili. Mmoja umetoka kwenye shamba la eukaliptusi huko Masisi ambalo mwenyewe alikata, shina likachipuka, baada ya miaka kadhaa mti uko pale tena. Kaboni iliyotoka imerudi. Wa pili umetoka ndani ya Virunga, mti wa miaka mingi, na pale ulipokatwa pamekuwa shamba. Kaboni hiyo hairudi. Kredi ya haki inahesabu mfuko wa pili tu. `fNRB` inasema kati ya mifuko mia, mingapi ni ya aina ya pili.

Kwa miaka mingi miradi Afrika iliruhusiwa kutumia namba za nchi nzima za 80, 90 na zaidi. Mwaka 2015 mtafiti Rob Bailis na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature Climate Change hesabu ya dunia, wakapata kwamba sehemu isiyorudi ni kama 27 mpaka 34 kwa mia. Walionyesha pia kwamba hali haifanani kila mahali, na Afrika Mashariki ina sehemu zenye hali mbaya kuliko wastani. Mimi nikiangalia milima ya Kivu na watu waliopo, sitashangaa kwetu ikiwa juu ya 34. Lakini hiyo ipimwe, msitu kwa msitu, isiandikwe 90 kwa sababu ndiyo inayoleta kredi nyingi. Na miti iliyopandwa kwa ajili ya makala, kama ile ya EcoMakala ya WWF iliyoanza 2007 kuzunguka Virunga, inabadilisha namba hii, kwa hiyo haiwezi kubaki palepale miaka yote.

Turudie hesabu ya mama wa Katindo.

Tuseme sasa amepimwa kwa mizani. Kumbe zamani alikuwa anatumia kilo 2.2 na siyo 3, na sasa, na babula zote mbili zikiwaka, anatumia 1.6. Imeokoka 0.6 kwa siku, kwa mwaka kilo 219. Kwa 4 badala ya 6, ni tani 0.88 za kuni. Kaboni tani 1.53. Weka `fNRB` ya asilimia 45, inabaki 0.69. Majiko yanayotumika kweli asilimia 70, inabaki 0.48.

Ya kwanza ilikuwa 4.9, hii ni 0.48, mara kumi. Na angalia vizuri, hakuna kosa lililokuwa la mara kumi. Kilo zilizidi mara 2.5, kuni za tanuru mara 1.5, msitu mara 2, matumizi kama mara 1.4. Kila moja peke yake mtu angeitetea mbele ya mkaguzi na angepita. Zikizidishana ndipo zinapokuwa mlima, na ndiyo maana mkaguzi anayeangalia namba moja moja haoni kitu.

Kuna watu waliothibitisha hilo, au ni maneno yenu tu?

Wapo. Januari 2024 Annelise Gill-Wiehl, Daniel Kammen na Barbara Haya wa chuo cha Berkeley walichapisha kwenye jarida la Nature Sustainability, walichukua miradi ya majiko ya njia tano za kuhesabu, wakaona kwa jumla kredi zilizidi mara 9.2. Ila siyo zote sawa. Njia ya Gold Standard, shirika mojawapo linalosajili miradi na kutoa kredi, ile inayopima mafuta moja kwa moja kwa mita, kwa mfano gesi au umeme, ilizidi mara 1.5 tu. Kwa hiyo ubaya siyo wa jiko, ni wa kukisia pale ambapo ungeweza kupima.

Mwaka huohuo, mwezi wa sita, C-Quest Capital, kampuni ya Amerika yenye miradi ya majiko Afrika, ilitangaza yenyewe kwamba ilikuwa imepewa kredi zilizozidi, na Oktoba waendesha mashtaka wa New York wakawashtaki waliokuwa viongozi wake kwa madai ya kuchezea data za ankete. Mwezi huohuo Verra, shirika lingine linalotoa kredi, ilitoa njia mpya ya kuhesabu, `VM0050`, yenye masharti makali zaidi kuliko za zamani.

Kwa hiyo babula bora ni uongo?

Hapana. Hata 0.48 ni kitu, na kilo 0.6 kwa siku ni pesa inayobaki mfukoni mwa mama kila asubuhi, nimeiona kwa macho. Uongo ni kuuza 4.9.

Nilipopewa babula nilisainishwa karatasi. Pesa ya kaboni yangu iko wapi?

Soma tena ile karatasi kama unayo nakala. Mara nyingi kuna mstari unaosema unaachia mradi haki yote ya kaboni ya jiko lako, na malipo yako ni ule upunguzo wa bei ya babula. Ndiyo maana uliipata kwa bei ya chini au bure. Siyo lazima iwe wizi, lakini ulipaswa kuelezwa kwa Kiswahili kabla ya kusaini, na kuambiwa mradi unatarajia kredi ngapi kwa babula yako. Angalia pia usisaini karatasi mbili za miradi miwili, maana jiko lako litauzwa mara mbili.

Nitajuaje mradi unaopima vizuri?

Miradi ya Verra na Gold Standard ina mafaili wazi kwenye mtandao, mengi kwa Kiingereza, lakini namba ni namba. Mimi naangalia kwanza kredi kwa babula moja kwa mwaka. Nikiona 4 au 5 kwa nyumba ya mjini inayotumia makala, nasimama hapo natafuta zilikotoka. Halafu natafuta kilo za mwanzo kama zilipimwa au ziliulizwa, na kama wale wasiopatikana walihesabiwa wapi. Naangalia pia nani anamlipa anketeri na kwa nini. Akilipwa kwa kila fishi iliyojaa, atazijaza.

Naweza kujipimia mwenyewe nyumbani?

Ndiyo, na ningependa wengi wafanye. Azima mizani ya kutundika kwa muuza samaki. Tenga makala ya wiki kwenye mfuko mkavu, pima, andika. Wiki nzima chukua makala kutoka mfuko huo tu, kwa babula zote, usijizuie kupika chochote unachopika kawaida. Siku ya saba pima yaliyobaki, toa, gawanya kwa saba. Wiki inayofuata weka babula mpya pembeni, tumia ya zamani peke yake, fanya vilevile. Kama siku moja wiki hiyo kulikuwa na sherehe, rudia. Tofauti ya wiki hizo mbili ndiyo kilo zako. Ziandike kwenye ukuta wa jiko kwa makala yenyewe, na anketeri akija na fishi yake mwambie aanzie hapo.